Kupima upana wa mto bila kuvuka: mstari mmoja ukingoni na pembe mbili

Upana wa mto unaweza kuupata ukiwa ukingo mmoja tu, bila mashua, bila kurusha kamba ng'ambo, bila hata kulowa miguu. Unachopima ni urefu mmoja wa ardhini, upande wako, na pembe mbili. Hesabu inayobaki inaenea kwenye nusu ukurasa. Hata hivyo, anayeijaribu njia hii kwa mara ya kwanza anaweza kupima mto uleule mara mbili akapata majibu yanayopishana kwa mita kadhaa, na hapo huanza kukilaumu kifaa au kuitilia shaka hesabu. Mara nyingi kosa haliko huko. Liko kwenye umbo la pembetatu: mstari uliopimwa ukingoni ulikuwa mfupi mno kwa mto ule. Ndiyo maana hapa nitakaa zaidi kwenye kuupanga mstari huo na kulenga vizuri, na hesabu itapita haraka.

Wazo lenyewe

Ng'ambo ya mto chagua kitu kimoja kisichosogea, kilichopo pale maji yanapokutana na nchi kavu. Tukiite T. Upande wako pigilia vigingi viwili, A na B, kisha upime umbali kati yake. Huo ndio mstari wa msingi. Simama A, upime pembe kati ya mwelekeo wa B na mwelekeo wa T. Nenda B, upime pembe kati ya mwelekeo wa A na mwelekeo wa T. Pembetatu ikishajulikana upande wake mmoja pamoja na pembe mbili za ncha za upande huo, haina tena nafasi ya kubadilika: ina umbo moja na ukubwa mmoja. Umbali wa T kutoka kwenye mstari wa AB unakuwa umeshapatikana, ingawa hakuna aliyeutembea.

Mholanzi Willebrord Snellius alitumia kanuni hii mwanzoni mwa karne ya 17 kupata umbali kati ya miji ya Alkmaar na Bergen op Zoom, akianzia kwenye mstari mfupi aliopima ardhini na kuunganisha pembetatu moja baada ya nyingine. Kwa mto, pembetatu moja inatosha.

Ipo njia nyingine inayofundishwa sana: unasimama mkabala kabisa na T, halafu unatembea kando ya mto kwa pembe mraba mpaka T ionekane kwa digrii 45, na hatua ulizotembea zinakuwa sawa na umbali wa T. Ni njia nzuri penye ukingo ulio wazi. Ugumu wake ni kwamba mto ndio unaokuchagulia mahali pa kusimama. Digrii 45 ikiangukia katikati ya kichaka au kwenye korongo, huna la kufanya. Kwa pembe mbili unachagua A na B mahali panapopitika, na pembe zinakuwa zozote zitakavyokuwa.

Kwanza amua ni upana upi

Mto una angalau upana wa aina mbili. Kuna upana wa maji siku hiyo, kutoka ukingo wa maji hadi ukingo wa maji, na kuna upana wa bonde la mto, kutoka juu ya ukingo mmoja hadi juu ya ukingo wa pili. Anayetaka kutandaza waya au kivuko cha kamba anahitaji huo wa pili, kwa sababu nguzo zitasimama juu. Anayetaka kukadiria kiasi cha maji yanayopita anahitaji wa kwanza. Kwenye mto wenye kingo za kulala, tofauti ya hivi viwili inaweza kuwa kubwa kuliko makosa yote ya upimaji yakijumlishwa, kwa hiyo jambo hili liamuliwe kabla ya kuchagua T. Mfano wetu utahusu upana wa maji.

Kuichagua T

T inatakiwa kuonekana kutoka A na kutoka B, na iwe ni sehemu ileile hasa. Hapa ndipo kosa la kimyakimya huingia. Mti mnene ukitazamwa kutoka A unaonyesha ubavu wake mmoja. Ukitazamwa kutoka B unaonyesha ubavu mwingine. Ukilenga ukingo wa kushoto wa shina mara zote mbili, umelenga sehemu mbili tofauti. Lenga katikati ya shina, chini kabisa, au tafuta kitu chembamba zaidi: mzizi uliochomoza, jiwe lenye ncha, kisiki. Jiwe lenye rangi iliyo tofauti na udongo wa nyuma yake ni bora kuliko kichaka kizuri kiasi gani, maana kichaka hakina katikati inayoeleweka.

Kabla ya kupigilia kigingi chochote, tembea ukingo wote unaotarajia kuutumia huku ukiitazama T. Ukiipoteza machoni, irudie kutoka mwanzo: hesabu vitu vilivyo jirani nayo, jiwe la pili kutoka kwenye mti ulioinama, kwa mfano, na uviandike. Mawe mawili yanayofanana yakichanganywa, hesabu haitakuonya. Itakupa tu jibu la pembetatu isiyokuwepo.

Kama hakuna kitu cha kufaa kwenye ukingo wa maji wa ng'ambo, lenga mti ulio nyuma kidogo, kisha ukadirie umbali kati yake na maji. Makadirio hayo yatabeba shaka yake mwenyewe, na iandikwe waziwazi kwenye daftari.

Mstari wa msingi

Urefu wake ndio uamuzi mkubwa kuliko yote katika kazi hii. Kanuni ya kushika ni kwamba mstari wa msingi ulingane na upana unaoutarajia, au uwe karibu nao. Nusu ya upana bado inavumilika. Ukishuka chini ya robo, unapoteza muda wako.

Sababu yake inaonekana ukichora. A na B zikiwa karibu sana, mistari miwili inayokwenda T inakaribia kuwa sambamba, na mistari ya namna hiyo hukutana kwa pembe nyembamba kule mbali. Ukiugeuza mmoja kidogo tu, sehemu inapokutana na mwenzake inateleza mita nyingi mbele au nyuma. A na B zikiwa mbali, mistari inakatana kwa pembe pana, na kosa lilelile la kulenga linaisogeza T kidogo. Pembe iliyoko T haipimwi, lakini ndiyo inayoamua ubora wa jibu. Ijaribu isipungue digrii 30.

Hujui upana, basi utajuaje urefu wa msingi? Kisia. Pima haraka kwa mstari wowote, fanya hesabu, na kama jibu linaonyesha kuwa msingi wako ulikuwa chini ya nusu ya upana, sogeza kigingi B na upime upya. Duru hiyo ya kwanza haiendi bure, maana inakupa jibu la kulinganisha.

Mstari uwe umenyooka na uwe sambamba na mkondo mahali pale unapotaka upana. Hauna haja ya kuufuata ukingo unavyopinda. Unaweza kuwa mita kadhaa ndani ya nchi kavu, na kwa usalama inafaa uwe hivyo, kwa sababu kingo nyingi zimeliwa na maji kwa chini na juu zinaonekana imara. Usambamba nao usikutishe. Mstari ukiwa umepinda kwa digrii 10 kutoka mwelekeo wa mkondo, umbali utakaoupata unazidi upana halisi kwa asilimia moja na nusu hivi. Kwa digrii 20 ziada inafika asilimia 6, na hapo inafaa uuhamishe mstari. Jicho la kawaida likitazama mkondo kutoka mahali palipoinuka linaweza kugundua mpindo wa digrii 10.

Kupima urefu wenyewe ni kazi ya utepe. Utepe wa mita 30 utahitaji vigingi vya katikati, na vigingi hivyo vipangwe kwa kulenga: simama nyuma ya fito ya A, uitazame fito ya B, na mwenzako asogeze fito ya katikati mpaka zote tatu zifichane. Vuta utepe ukaze, ukae mlalo. Penye mteremko, shika ncha ya chini juu na ushushe timazi hadi ardhini, hatua fupifupi. Kamba ya nailoni usiitumie. Inanyooka ikivutwa na hutajua imenyooka kiasi gani. Pima kwenda, kisha pima kurudi. Kwa mita 60, vipimo viwili vikitofautiana kwa chini ya sentimita 10, chukua wastani uendelee. Kosa la msingi linaingia kwenye jibu kwa uwiano uleule: msingi ukikosewa kwa asilimia moja, upana unakosewa kwa asilimia moja, si zaidi.

Ubao wa kulengea

Mwenye teodolaiti, kifaa cha wapima ardhi cha kusomea pembe, hana haja na sehemu hii. Kwa wengine, kifaa ninachokipendekeza ni ubao bapa, karatasi kubwa ya ukubwa wa A3, pini ndefu, na rula. Kipimapembe kidogo cha shule kisitumike kulengea moja kwa moja. Duara lake lina nusukipenyo cha sentimita 5 hivi, na digrii moja pale haifiki hata milimita 1. Kwenye karatasi ya A3, pini mbili zinaweza kukaa sentimita 27 mbali, na pini iliyokosewa kwa milimita 1 kwa umbali huo inaleta kosa la takribani digrii 0.2 tu.

Bandika karatasi kwenye ubao na utepe wa gundi. Karibu na ukingo wa chini chora mstari mmoja mrefu ulionyooka. Huo unawakilisha mstari wa msingi. Ubao uwekwe juu ya meza ndogo au miguu mitatu, uwe mlalo kabisa. Tumia pimamaji ya fundi, kwa pande zote mbili. Ubao ulioinama unapotosha pembe, hasa pale T inapokuwa chini sana au juu sana kuliko wewe.

Dira nayo inaweza kufanya kazi hii, ikiwa ni ile ya kulengea inayosomeka hadi nusu digrii. Unasoma mwelekeo wa B na mwelekeo wa T ukiwa palepale A, na tofauti yake ndiyo pembe. Uzuri ni kwamba tofauti kati ya kaskazini ya sumaku na kaskazini halisi inajifuta yenyewe, kwa kuwa imo ndani ya vipimo vyote viwili. Ubaya ni chuma. Uzio, gari, simu mfukoni, hata kigingi cha chuma miguuni huweza kuivuta sindano. Kipo kipimo cha kugundua hilo: soma mwelekeo wa B kutoka A, kisha wa A kutoka B. Vinatakiwa kutofautiana kwa digrii 180 barabara. Visipotofautiana hivyo, kituo kimojawapo kina kitu kinachoivuta sindano, na kukisia ni kipi hakusaidii. Ondoa vyuma au uhame.

Kulenga kutoka A na B

Tuseme ukiutazama mto, A iko kushoto kwako na B kulia. Weka ubao juu ya kigingi A. Choma pini ya kwanza kwenye ncha ya kushoto ya mstari uliochora, na ushushe timazi chini yake ili ikae juu ya kigingi. Hapa usihangaike kupita kiasi: kwa umbali wa mita 60, ubao ulioteleza sentimita 5 kutoka kwenye kigingi unaleta kosa la chini ya digrii 0.1.

Choma pini ya pili kwenye ncha ya kulia ya mstari huohuo. Sasa uzungushe ubao wote mpaka pini hizo mbili na fito iliyosimama B zifichane. Ukishafika hapo, ubao usiguswe tena. Bila kuusogeza, choma pini ya tatu karibu na ukingo wa juu wa karatasi, mahali ambapo pini ya kwanza na ya tatu zinaificha T. Funga jicho moja, na kichwa kikae mbali kidogo na pini ya karibu, sentimita 30 hivi, ili jicho lisiparaganye vitu vya karibu na vya mbali.

Kisha rudi nyuma utazame tena kuelekea B. Kama pini mbili za kwanza bado zinaificha fito, ubao haukuzunguka na kipimo ni kizima. Kama zimepishana, ng'oa pini ya tatu uanze upya. Ukaguzi huu unachukua nusu dakika na unakamata kosa ambalo hakuna hesabu itakayolionyesha baadaye. Fanya ulengaji wote mara tatu, ukiuvuruga ubao na kuupanga upya kila mara. Matundu matatu ya pini ya tatu yakikaa ndani ya milimita 2 au 3, chukua la katikati, kisha chora mstari kutoka tundu la pini ya kwanza kupitia hapo. Huo ndio mstari wa T, na pembe kati yake na mstari wa chini ndiyo pembe ya A.

Ukifika B, tumia karatasi mpya. Safari hii pini ya kwanza inakaa kwenye ncha ya kulia ya mstari, na ya pili inaelekea A.

Hesabu, kwa mto mmoja wa mfano

Chukua mto ambao msingi wake ulipimwa ukawa mita 60.00. Kwenye karatasi ya A, pembe ni digrii 68. Kwenye karatasi ya B, ni digrii 57. Umbali wa T kutoka kwenye mstari wa msingi, tuuite d, unapatikana hivi:

```
d = AB × sin A × sin B ÷ sin(A + B)
d = 60 × 0.9272 × 0.8387 ÷ sin 125°
d = 60 × 0.9272 × 0.8387 ÷ 0.8192
d = 56.96
```

Yaani mita 57 kasoro sentimita chache. Kabla ya kukiamini kikokotoo, kiulize sin 30. Kikijibu 0.5, kiko kwenye digrii. Kikitoa namba hasi, kiko kwenye radiani, na kila utakachokipata ni upuuzi.

Mtego mwingine ni kuisoma pembe ya upande usiofaa. Pale B mtu anaweza kusoma digrii 123 badala ya 57, kwa sababu kipimapembe kina namba za kwenda na kurudi. Jumla ya pembe za A na B ikifika 180 au kuzidi, mistari miwili haikutani ng'ambo, na hapo unajua mara moja. Kwa upande mwingine, pembe butu iliyosomwa kwa usahihi si kosa. T ikiwa imepita nje ya B, pembe ya B itazidi 90 na kanuni inafanya kazi bila mabadiliko.

Ninayoipenda zaidi ni njia isiyohitaji kikokotoo wala kipimapembe, na huwa sahihi zaidi kuliko kusoma digrii. Kwenye kila karatasi chora mstari wa pili, sambamba na ule wa chini, sentimita 25 juu yake. Mstari wa T unaukata mahali fulani. Kutoka hapo shusha mstari kwa pembe mraba hadi kwenye mstari wa chini, upime umbali kutoka pini ya kwanza hadi ulipoangukia. Kwenye karatasi ya A umbali huo ni sentimita 10.1, kwenye ya B ni 16.2. Basi:

```
d = 60 × 25 ÷ (10.1 + 16.2) = 57.0
```

Hakuna sini wala jedwali. Umbali huo mdogo ukiugawa kwa 25 unapata kotanjenti ya pembe, na d ni urefu wa msingi uliogawanywa kwa jumla ya kotanjenti mbili. Iwapo pembe moja ni butu, umbali wa karatasi hiyo unaangukia upande wa pili wa pini, na badala ya kuujumlisha unautoa.

Ila mita 57 si upana wa mto. Ni umbali kutoka mstari wa msingi hadi T, na mstari wa msingi uko nchi kavu. Inabidi kutoa umbali kati ya mstari huo na maji ya upande wako, na usipimwe popote tu, bali pale mkabala kabisa na T. Mahali hapo unapapata kwa kuzidisha d kwa kotanjenti ya A: 57.0 × 10.1 ÷ 25 ni mita 23.0 kutoka A. Tembea na utepe hadi hapo, geuka kwa pembe mraba, na upime hadi ukingo wa maji. Tuseme ni mita 4.2. Upana wa maji ni 57.0 kutoa 4.2, yaani mita 52.8.

Kituo cha tatu

Pembe mbili na msingi mmoja havina kitu cha ziada cha kujikagua. Ukikosea, jibu litatoka safi kama lile la kweli. Kwa hiyo pigilia kigingi cha tatu, C, juu ya mstari uleule wa msingi, mita 30 kutoka A. Kabla ya kulenga, hesabu pembe itakavyokuwa. Mkabala wa T uko mita 23.0 kutoka A, kwa hiyo C imeupita kwa mita 7.0. Kwenye C, pembe kati ya mwelekeo wa A na mwelekeo wa T inapaswa kuwa ile ambayo tanjenti yake ni 57.0 ÷ 7.0, yaani digrii 83.

Sasa nenda C ukalenge. Ukipata 82.5, kila kitu kiko sawa. Tofauti ya nusu digrii ni ya kawaida kwa ubao na pini, makosa madogo ya vituo vyote yakijumlishwa. Ukipata 79, kuna jambo limeharibika mahali fulani: T imebadilishwa bila kujua, ubao ulizunguka, au kipande kizima cha utepe kilisahaulika kuhesabiwa. Usichukue wastani wa namba zinazogombana kiasi hicho. Rudi kwenye kituo unachokitilia shaka na ulenge upya mpaka ujue ni kipi kilichokosea.

Shaka ya jibu

Kosa la pembe linaloingia kwenye d lina hesabu fupi. Chukua umbali kutoka kituo hadi T, uuzidishe kwa wenyewe, ugawe kwa urefu wa msingi, kisha uzidishe kwa 0.0175 kwa kila digrii moja ya kosa. Kutoka A hadi T ni mita 61.4, na kutoka B ni 67.9. Digrii moja ikikosewa pale A inaisogeza d kwa mita 1.1, ikikosewa pale B inaisogeza kwa mita 1.3.

Linganisha na msingi wa mita 15 kwa mto huohuo, T ikiwa mkabala na katikati yake. Kila kituo kingekuwa mita 57.5 kutoka T, na digrii moja ya kosa kwenye kituo kimoja ingeleta mita 3.9. Makosa ya vituo viwili yakivuta upande mmoja, jibu linapotea karibu mita 8. Kifaa ni kilekile, macho ni yaleyale. Kilichobadilika ni mita 45 za kutembea kando ya mto.

Kwa ubao na pini, kosa la robo digrii kwa kila kituo ni makadirio ya haki. Hiyo ni takribani mita 0.3 kwa kila pembe. Ongeza sentimita 10 za utepe, ongeza sentimita 20 au 30 za kutojua hasa T iko wapi kuhusiana na maji, na jumla inakaribia mita 1. Kwa hiyo desimali ya 52.8 haina uzito. Kwenye daftari andika upana wa maji mita 53, kwa shaka ya mita 1 kwenda juu au chini, pamoja na mchoro wa A, B, C na T, urefu wa msingi, pembe zote kama zilivyosomwa, na tarehe. Kabla ya kuondoka piga alama ya usawa wa maji kwenye mwamba au nguzo iliyo imara, kwa sababu atakayepima baadaye maji yakiwa yamepanda nusu mita atapata upana mwingine, na bila alama hiyo hakutakuwa na namna ya kujua kama kilichobadilika ni mto au ni upimaji.